ELISA ya tegu la nguruwe: maswali ya wanafunzi, kuanzia kupaka sahani hadi kukokotoa kikomo

Wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanaofika kwetu Mbeya huuliza maswali yale yale, na karibu yote huishia mahali pamoja: ile namba ya mwisho, yaani kikomo, inayosema nguruwe huyu ana tegu na yule hana, imetoka wapi? ELISA ni kipimo kinachotumia kingamwili na kimeng'enya; nimejibu kwa kutumia moja tu, ile inayotafuta antijeni ya tegu kwenye seramu ya nguruwe. Ndiyo ninayoifahamu zaidi, na nguruwe wenyewe ni wa hapa hapa: Mbozi, Mbeya Vijijini, Iringa, Njombe. ELISA nyingine zina bufa zake na dakika zake, lakini mantiki haibadiliki sana.

Kipimo hiki kinatafuta nini hasa?

Mtu mwenye tegu, yaani Taenia solium, hutoa mayai kwenye kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, mabuu hupenya utumbo, huingia kwenye damu na kwenda kukaa kwenye misuli, kila mmoja ndani ya kifuko kidogo chenye maji. Kifuko kikiwa hai hutoa protini zake kwenye damu ya nguruwe. Hizo protini ndizo antijeni tunazozitafuta.

Wengi hukosea hapa siku ya kwanza. Hatutafuti kingamwili za nguruwe. Kingamwili zinaweza kubaki kwenye damu muda mrefu baada ya vifuko kufa, na nguruwe aliyewahi kukutana na mayai bila kupata vifuko anaweza kuwa nazo pia. Antijeni ikionekana, maana yake kuna kitu hai kinachoitoa.

Antijeni inakamatwaje?

Inabanwa katikati ya kingamwili mbili za maabara. Ya kwanza, B158, tumeigandisha chini ya kishimo mapema. Seramu ikimwagwa, B158 inaishika antijeni na kubaki nayo. Kisha tunaleta ya pili, B60, iliyofungiwa molekuli ndogo iitwayo biotini, nayo inaishika ile ile antijeni kutoka juu. Baada yake inakuja streptavidini iliyobeba kimeng'enya cha peroksidezi, ndiyo tunayoiita konjugeti. Streptavidini hung'ang'ania biotini kwa nguvu ambayo huwezi kuiosha, kwa hiyo kimeng'enya kinabaki pale tu ambapo antijeni imebanwa. Pasipo antijeni, B60 haina pa kushika, inaondoka na maji, na kimeng'enya nacho hakipati pa kukaa. Ukitia dawa ya rangi, kishimo chenye kimeng'enya hubadilika rangi.

Wazo la kutumia kimeng'enya badala ya mionzi lilichapishwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm. Kabla yao vipimo vya aina hii vilitegemea isotopu za mionzi, jambo ambalo maabara nyingi za mikoani zisingeliweza.

Kupaka sahani maana yake nini, na kwa nini bufa iwe na pH 9.6?

Sahani ni ya plastiki ya polistairini yenye vishimo 96. Protini hujigandisha yenyewe kwenye plastiki hiyo, hatutumii gundi. Tunayeyusha B158 kwenye bufa ya kabonati yenye pH 9.6, mikrogramu 5 kwa kila mililita, na kuweka mikrolita 100 kwa kila kishimo. Bufa ya aina hiyo huiacha protini ikae vizuri kwenye plastiki, na haina kitu kingine cha kugombania nafasi.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo ya kushika. Ukiweka sabuni ya Tween 20 kwenye bufa ya kupaka, hata kwa bahati mbaya kwa kutumia chupa ya kuoshea, sabuni inaitangulia kingamwili kwenye plastiki na sahani inakuwa tupu. Haitaonekana kwa macho. Utaigundua saa nne baadaye, pale nguruwe wako chanya wa uhakika atakapotoka bila rangi.

Hesabu yake ni nyepesi. Vishimo 96 mara mikrolita 100 ni mililita 9.6. Tengeneza 10.5 ili usiishiwe kwenye safu ya mwisho. Mililita 10.5 mara mikrogramu 5 ni mikrogramu 52.5. Kama chupa yako ya B158 ina miligramu 2.1 kwa mililita, chukua mikrolita 25. Kisha sahani inakaa nyuzi 37 kwa nusu saa kwenye mashine ya kutikisa, au inalala kwenye friji usiku kucha ikiwa imefunikwa. Mimi huilaza.

Kuziba ni nini? Naweza kutumia maziwa ya unga?

B158 haijazi plastiki yote. Nafasi zilizobaki zitashika chochote kitakachopita, pamoja na konjugeti yenye kimeng'enya, na kila kishimo kitapata rangi. Tunaziba nafasi hizo kwa seramu ya ndama aliyezaliwa karibuni, asilimia 1, ndani ya bufa ya fosfati yenye Tween 20, kwa dakika 15 kwenye nyuzi 37.

Maziwa ya unga ni rahisi na yanapatikana dukani, na kwa ELISA nyingine nyingi yanafaa kabisa. Kwa hii hapana. Maziwa yana biotini ya asili, na biotini hiyo inaidaka streptavidini kabla haijafika kwenye B60. Rangi inapungua, na anayepungukiwa kwanza ni nguruwe mwenye antijeni kidogo, yaani yule yule uliyekuwa unamtafuta.

Kwa nini seramu inatiwa asidi kwanza?

Kwa sababu nguruwe naye ana kingamwili zake, na zimeshaizunguka antijeni. Antijeni iliyofunikwa haishikiki na B158. Tunachanganya mikrolita 150 za seramu na mikrolita 150 za asidi ya trikloroasetiki ya asilimia 5, tunaacha dakika 20, kisha tunazungusha kwenye sentrifuji kwa g 12,000 dakika 9. Protini nyingi za seramu, kingamwili zikiwemo, zinaganda na kukaa chini kama maziwa yaliyokatika. Antijeni ya tegu huvumilia asidi na kubaki kwenye maji ya juu.

Chukua mikrolita 150 za maji hayo, uongeze mikrolita 150 za bufa nzito ya kabonati yenye pH 10 ili kuituliza asidi na kurudisha pH. Seramu sasa imepunguzwa mara nne. Ukisahau hatua ya kurudisha pH, unamwaga asidi juu ya B158. Na ukivuta pipeti mpaka ukagusa mashapo ya chini, vishimo viwili vya sampuli moja havitafanana.

Kuosha mara tano si kupoteza muda?

Osha mara tano. Maji ya kuoshea yana Tween 20 ya asilimia 0.05, yaani nusu mililita kwa lita moja. Jaza kishimo, mwaga, gonga sahani kichwa chini juu ya taulo la karatasi mpaka taulo lisiwe na alama za duara. Alama zikionekana, maji yamebaki. Matone ya konjugeti yaliyobaki pembeni ya kishimo hutoa rangi sawa na ile ya nguruwe mgonjwa, na mashine ya kusomea haiwezi kukutofautishia.

Rangi inasomwaje?

Dawa ya rangi tunayotumia ni OPD pamoja na hidrojeni peroksaidi kidogo. Peroksidezi inaibadilisha kuwa njano. Tunaiacha dakika 15 gizani kwa nyuzi 30 bila kutikisa, kisha tunasimamisha kwa mikrolita 50 za asidi ya salfuriki, na njano inageuka kuwa chungwa iliyokolea. Mashine inapitisha mwanga wa nanomita 490 na kupima kiasi kilichomezwa. Kwenye skrini utaona namba ya kiasi hicho, ndiyo OD. Vaa glavu, OPD si ya kuchezea.

Muda ni ule ule kwa vishimo vyote. Kama ulitia OPD ukianzia safu ya 1 kwenda 12, asidi nayo itiwe kwa mpangilio huo na kwa mwendo huo.

Karatasi ya maelekezo ya kipimo inasema "joto la chumba". Chumba cha nani?

Swali zuri, na huku kwetu si la utani. Aliyeandika karatasi ile alikuwa na chumba cha nyuzi 20 hadi 25. Asubuhi ya Juni au Julai hapa Mbeya, na Njombe ndiyo zaidi, unaingia maabara na koti na chumba kiko chini ya hapo kwa mbali. Kimeng'enya hufanya kazi polepole kwenye baridi, na OD zote zinashuka.

Kushuka kwa pamoja si tatizo kubwa, kwa sababu kikomo kinatokana na sahani hiyo hiyo na chenyewe kitashuka. Tatizo ni kushuka kusiko sawa. Sahani iliyotolewa friji na kuingizwa moja kwa moja kwenye inkubeta hupata joto pembeni kwanza. Katikati hubaki baridi. Ukiwa umepanga nguruwe hasi wote kwenye safu ya 1 pembeni, kikomo chako kimepimwa kwenye joto, na sampuli za katikati zimepimwa kwenye baridi. Toa sahani na bufa friji mapema, zikae nusu saa. Usipange sahani moja juu ya nyingine ndani ya inkubeta.

Sahani nzima haina rangi hata kwa chanya. Nianzie wapi?

Chukua tone la konjugeti iliyobaki, uliweke kwenye tone la dawa ya rangi. Ikibadilika mara moja, kimeng'enya na rangi ni wazima, na kosa liko nyuma: kupaka, asidi, au B60 iliyosahaulika. Isipobadilika, kosa liko kwenye kimeng'enya au dawa ya rangi.

Niliwahi kupoteza sahani mbili za namna hii. Mtu alitengeneza bufa na kuitia sodiamu azaidi isiote ukungu, jambo la busara kwa bufa nyingine zote. Azaidi huua peroksidezi. Tangu hapo chupa yenye azaidi ina utepe mwekundu na inakaa rafu yake.

Nguruwe hasi ni wangapi, na wanatoka wapi?

Wanane angalau, na wawe nguruwe wanane tofauti. Kila mwaka kuna anayeweka seramu ya nguruwe mmoja kwenye vishimo vinane. Hapo umepima mkono wako na pipeti yako, hujapima tofauti kati ya nguruwe na nguruwe. Mtawanyiko utakuwa mdogo mno, kikomo kitakuwa chini mno, na utatangaza wagonjwa ambao hawapo.

Na "hasi" isiwe maneno ya mfugaji. Kukagua ulimi hakutoshi, kwa sababu ulimi humkamata yule mwenye vifuko vingi tu. Hasi wa kuaminika ni nguruwe aliyechinjwa na misuli yake ikakatwa vipande vyembamba bila kuonekana kifuko, au aliyetoka kwenye zizi la kufungia lisilo na historia ya tegu.

Kwenye sahani yangu hasi wanane wanakaa vishimo viwili viwili, jumla 16. Chanya wawili wanachukua 4, konjugeti bila seramu 2, na dawa ya rangi peke yake 2. Vinabaki 72, yaani sampuli 36 kwa vishimo viwili kila moja.

Sasa kikomo kinakokotolewaje?

Tuchukue sahani moja kama mfano. Wastani wa kila hasi umetoka hivi: 0.082, 0.091, 0.077, 0.088, 0.095, 0.079, 0.086 na 0.090. Jumla ni 0.688, gawa kwa 8, wastani ni 0.086.

Ondoa wastani kwa kila mmoja, zidisha tofauti kwa yenyewe, jumlisha, gawa kwa 7 (si 8), kisha tafuta kipeuo cha pili. Unapata mkengeuko sanifu wa 0.0062.

Swali tunalojiuliza ni hili: nguruwe mpya asiye na tegu, akitoka kwenye kundi lile lile la hasi, OD yake inaweza kupanda hadi wapi? Tunataka mpaka ambao ni mmoja tu kati ya elfu wa aina hiyo angeuvuka. Thamani ya t kutoka jedwali la takwimu, kwa uwezekano wa 0.001 upande mmoja, ikiwa na digrii 7 za uhuru, ni 4.785. Kwa kuwa wastani wetu wenyewe umetokana na nguruwe wanane tu na si kamili, tunazidisha pia kwa kipeuo cha pili cha 1 + 1/8, ambacho ni 1.061. Kwa pamoja ni 5.075. Zidisha kwa mkengeuko kabla ya kuukata desimali, yaani 0.00623: unapata 0.032. Jumlisha 0.086. Kikomo ni 0.118.

Kwenye jedwali la kompyuta, hasi wakiwa B2 hadi B9:

```
=AVERAGE(B2:B9)+T.INV(0.999,7)*STDEV.S(B2:B9)*SQRT(1+1/8)
```

Ukiandika T.INV.2T(0.001,7) utapata 5.408, ambayo ni ya pande mbili, na kikomo kitakuwa 0.122. Sisi hatuna shida na nguruwe aliye chini kuliko kawaida, kwa hiyo upande mmoja unatosha. Kosa lingine ni kuingiza vishimo vyote 16 na kudai n ni 16. Vishimo ni 16, nguruwe ni wanane.

Kwa nini nisitumie wastani kuongeza mikengeuko mitatu kama tulivyofundishwa?

Kwa sahani hii ungepata 0.105. Sampuli namba 23 kwenye sahani ile ile ilisoma 0.112. Kwa kanuni ya mitatu ni chanya; kwa t ni hasi. Namba tatu inafaa ukiwa na hasi wengi, tuseme makumi kadhaa, ambapo mkengeuko wako unaaminika. Kwa wanane, mkengeuko wenyewe unayumba, na t inakutoza faini kwa uchache huo. Ukiongeza hasi, faini inapungua yenyewe.

Hasi mmoja ametoka juu sana. Nimfute?

Tazama kwanza anachokufanyia. Kwenye sahani yetu badilisha 0.090 ya mwisho iwe 0.190. Wastani unapanda hadi 0.099 tu, na mwanafunzi anasema si neno. Lakini mkengeuko unaruka kutoka 0.0062 hadi 0.0375, na kikomo kinafika 0.289. Nguruwe mwenye 0.200, ambaye asubuhi alikuwa chanya bila shaka, sasa ni hasi. Kishimo kimoja kilichooshwa vibaya kimewasafisha wagonjwa.

Kumfuta kwa sababu hukumpenda hairuhusiwi; kesho utamfuta asiyestahili. Angalia vishimo vyake viwili. Kama kimoja ni 0.091 na kingine 0.289, kosa ni la kuosha au tone la konjugeti, na sahani inarudiwa. Kama vyote viwili viko karibu 0.190, basi nguruwe huyo ndivyo alivyo. Rudia naye kwenye sahani nyingine, na akitoka juu tena, yeye ndiye hafai kuitwa hasi. Tafuta mwingine na uandike kwenye daftari kwa nini ulimbadilisha. Zamani nilikuwa naweka hasi kishimo kimoja kimoja. Sahani ya namna hii ndiyo iliyonifundisha kuweka viwili.

Naripotije majibu?

Gawa OD ya sampuli kwa kikomo cha sahani yake. Sampuli namba 17 ilisoma 0.412, gawa kwa 0.118, uwiano ni 3.5. Zaidi ya 1 ni chanya. Uwiano ndio unaoweza kulinganishwa kati ya sahani ya Juni na ya Oktoba. OD tupu hailinganishwi, kwa sababu OD inabeba baridi ya chumba, umri wa OPD na mkono wa aliyeosha.

Kabla ya kuripoti, hakikisha chanya wako wawili wako juu ya kikomo kwa mbali na vishimo vya konjugeti bila seramu viko chini. Sahani isiyotimiza hayo haina majibu, hata kama namba zinaonekana nzuri.

Uwiano wa 3.5 unamaanisha vifuko vingi?

Usimwambie mfugaji hivyo. Kwa jumla vifuko hai vingi hutoa antijeni nyingi, lakini nguruwe mmoja mmoja hatabiriki.

Lipo na kubwa zaidi. B158 na B60 zilitengenezwa kwa tegu la ng'ombe, Taenia saginata, na zinashika ndugu zake wote wa jenasi moja. Kwa nguruwe hiyo ni faida, ndiyo maana tunazitumia, lakini nguruwe anaweza pia kuwa na mabuu wa Taenia hydatigena, tegu la mbwa, ambao hukaa kwenye ini na utando wa tumbo. Naye atatoka chanya. Kikomo hakiwezi kumtenganisha, kwa sababu si kosa la takwimu: antijeni ipo kweli, mwenye nayo ndiye mwingine. Anayetaka uhakika anasubiri machinjioni na kukata misuli, na anafungua tumbo pia.

Na sampuli namba 23?

Uwiano wake ni 0.95. Kwenye ripoti ni hasi. Lakini mimi huandika nyota pembeni, na naipima tena pamoja na sahani inayofuata, kuanzia hatua ya asidi, si kwa kutumia maji ya juu yaliyobaki jana. Ndiyo sababu kila seramu inayofika huigawa kwenye vijichupa viwili kabla ya kuigandisha kwa nyuzi 20 chini ya sifuri: kimoja cha leo, kingine hakijawahi kuyeyuka.